Jinsi ya kutambua kipande cha piano kwa baa chache unazozikumbuka, na kitabu cha gredi kilikotoka

Waliojifunza piano utotoni hapa Moshi na Arusha, wawe walisoma shule za kimataifa au kwa mwalimu wa nyumbani, wengi wao walipitia vitabu vya mitihani ya gredi kutoka London, hasa vya ABRSM na vya Trinity College London. Miaka ikipita kitabu huazimwa kisirudi, au huachwa familia inapohama. Kinachobaki ni baa tatu au nne vidoleni. Jina huwa limepotea kabisa, na sababu yake mara nyingi imo kwenye kitabu chenyewe. Vipande vingi vya gredi za chini ni sehemu moja tu ya sonatina, kwa hiyo neno lililochapwa kwa herufi kubwa juu ya ukurasa si jina bali ni mwendo: Allegro, Andante, Vivace. Mtoto alikuwa akiulizwa anapiga nini anajibu "Alegro", na ndilo analolikumbuka hadi leo. Allegro zilizowahi kuandikwa duniani hazihesabiki.

Kwa hiyo kutafuta kwa jina hakufai. Njia inayofanya kazi inaanza na nota zenyewe, inathibitisha kipande, na mwisho kabisa ndipo inatafuta kitabu. Nitaieleza kwa kisa cha dada mmoja muuguzi wa hapa Moshi, kwa sababu kisa chake kilipita karibu kila mtego ninaoujua.

Kwanza, nasa kumbukumbu kabla haijachafuliwa

Alikuja na bintiye aliyeanza kujifunza piano.

"Shikamoo mwalimu. Kuna kipande nilikipiga nikiwa mdogo, nataka huyu naye akipige. Jina silijui. Kitabu kilikuwa chekundu."

"Marahaba. Kitabu tukiache kwanza, mwanangu. Niimbie."

Mwombe mwenye kumbukumbu aimbe kwa "la la la", na umrekodi kwa simu. Arekodi tena baada ya muda, bila kusikiliza rekodi ya kwanza. Zile sehemu ambazo rekodi zote zinakubaliana ndizo za kuaminiwa. Zile zinazobadilika kila mara ziwekee alama ya kuuliza. Fanya hivi kabla ya kumchezea chochote na kabla hajaenda YouTube kutafuta. Akishasikia vipande kumi vinavyofanana, kumbukumbu yake inachanganyika navyo, na hutaweza tena kujua kipi alikikumbuka na kipi amekisikia jana.

Baada ya kuimba, mweke mbele ya kinanda. Mwambie aweke mkono wa kulia na apige bila kuwaza. Vidole hukumbuka mambo ambayo sauti haiyajui. Vinakumbuka kama kulikuwa na vibonyezo vyeusi, kama mkono uliruka mbali, kama kidole gumba kilianza. Ikiwa anapiga kwenye kinanda cha kanisani, angalia kwanza kitufe cha TRANSPOSE kiko sifuri. Vinanda vya kwaya zetu huachwa vimepandishwa au kushushwa kwa ajili ya waimbaji, na mtu anayepiga Do kwenye C anasikika yuko D au B flati. Ukirekodi sauti ya kinanda hicho na kutafuta kii kwa kusikiliza, utapotea tangu mwanzo.

Dada huyu alipiga kwenye vibonyezo vyeupe vitupu, akianzia C iliyo juu ya C ya kati. Hiyo peke yake ilikuwa habari kubwa: kipande kiko kii ya C, angalau mwanzoni.

Pili, kiandike kwa solfa

Huna haja ya kujua nota za mistari. Kwaya za huku Kilimanjaro na Arusha zimelelewa na solfa, na kwa kazi hii solfa ni bora kuliko nota za mistari, kwa sababu haijali mwimbaji ameanzia juu au chini. Hiki ndicho tulichoandika kutoka kwake. Alama ya mkato baada ya herufi inamaanisha nota ya oktavu ya chini, kama tunavyoandika kwenye karatasi za kwaya.

```
baa 1:  d  m d  s, s,
baa 2:  d  m d  s
baa 3:  f m r d  t, d t, d
baa 4:  r d t, l,  s,
```

Mapigo ni manne kila baa. Katika baa mbili za kwanza, nota ya kwanza ni pigo zima, mbili zinazofuata zinagawana pigo moja, kisha zinarudi pigo zima, na so ya mwisho wa baa ya pili inavutwa hadi baa iishe. Baa ya tatu yote inakimbia kwa nusu pigo.

Angalia so ya mwisho katika baa ya pili. Alipoimba, aliiimba chini, sawasawa na zile so mbili za baa ya kwanza. Kisha ili aingie baa ya tatu ilimbidi aruke juu ghafla hadi fa, na kila alipofika hapo alisita. Kwenye kinanda mkono wake haukusita hata kidogo: ulipanda so ya juu, na fa ikafuata jirani yake, ngazi ikateremka vizuri. Hili ni jambo la kawaida sana. Sauti ya mtu ina mipaka, na nota ikiwa juu mno mwimbaji huishusha oktavu bila kujijua. Ukiona mtu anasita mahali palepale kila mara, au kuna mruko usio na sababu katikati ya ngazi inayoteremka, shuku oktavu. Na sauti zikigombana na vidole juu ya oktavu, fuata vidole.

Kosa lingine la kumbukumbu ni kuacha nota ya kuanzia, ile inayopigwa kabla ya pigo la kwanza la baa. Watu huanza kuimba kwenye pigo zito. Ikiwa utafutaji haukupatii kitu, jaribu kuongeza nota moja mwanzoni, mara nyingi so ya chini. Kosa la tatu ni kukumbuka mkono wa kulia wakati wimbo ulikuwa kushoto. Muulize: "Mkono gani ulikuwa unaimba?" Katika vitabu vya gredi za chini vimo vipande vilivyowekwa makusudi ili mkono wa kushoto ubebe wimbo, na jibu la swali hilo linaondoa vipande vingi kwa mara moja.

Tatu, geuza solfa iwe mwendo wa kupanda na kushuka

Mwaka 1975 Mwingereza Denys Parsons alichapisha kitabu cha kutafutia nyimbo kwa njia rahisi kupita zote. Nota ya kwanza unaiandika kwa nyota. Kila nota inayofuata unauliza swali moja tu: imepanda, imeshuka au imerudia? Ikipanda unaandika u, ikishuka d, ikirudia r, kutoka maneno ya Kiingereza up, down na repeat; d hii si do ya solfa. Umbali hauhesabiwi, wala kii, wala mwendo. Uzuri wake ni kwamba kumbukumbu ya watu hushika mwelekeo wa wimbo vizuri zaidi kuliko inavyoshika umbali halisi kati ya nota na nota.

Kipande cha dada yetu kinakuwa hivi:

```
*uddruududdddd
```

Kifuate na solfa: do hadi mi imepanda, mi hadi do imeshuka, do hadi so ya chini imeshuka, so imerudia, kisha ikapanda do, ikapanda mi, ikashuka do, ikapanda so ya juu, halafu ngazi ikateremka. Kama tungefuata sauti yake badala ya vidole, ingekuwa hivi:

```
*uddruuddudddd
```

Tofauti ni herufi mbili tu, lakini zinatosha kukupeleka kwingine. Kwa hiyo unapokuwa na shaka juu ya oktavu, andika zote mbili na utafute kwa zote.

Mahali pa kuiandika ni tovuti ya Musipedia, ambayo inapokea herufi hizi moja kwa moja, na pia ina kinanda cha kubofya kwa anayependa kupiga. Usiandike herufi tano ukategemea jibu. Tano zinapatikana kwenye nyimbo nyingi mno. Kumi na mbili hadi kumi na tano zinachuja vizuri. Zaidi ya hapo unaanza kuingiza makosa ya kumbukumbu, maana mwisho wa kinachokumbukwa ndio dhaifu zaidi.

Kuna pia kamusi ya zamani ya Barlow na Morgenstern ya mwaka 1948, ambayo inahamishia kila wimbo kwenye kii ya C na kuupanga kwa majina ya nota kama maneno ya kamusi. Wimbo wetu ungetafutwa chini ya C E C G G C. Ukiikuta kwenye maktaba, ni chombo kizuri kwa muziki wa ala wa watunzi wa zamani.

Programu za simu za aina ya Shazam usizitegemee hapa. Zinalinganisha rekodi na rekodi: sauti ya studio iliyochapishwa na ileile inayosikika redioni. Ukizipigia kipande wewe mwenyewe kwenye kinanda, hiyo si rekodi zinayoijua.

Nne, linganisha kwa kina, usikubali jibu la kwanza

Kwa kawaida unapata majina kadhaa. Kwa kipande kilicho kii ya C, chepesi, chenye ngazi zinazokimbia, mtu yeyote aliyewahi kugusa piano atakuambia haraka: "Hiyo ni Mozart, sonata ile ya C." Anamaanisha K. 545 ya mwaka 1788. Tuipime. Solfa ya mwanzo wake ni do mi so ti do re do, ti ikiwa ya chini, yaani:

```
*uuduud
```

Herufi ya pili tu inaikataa. Ya dada yetu inapanda mara moja na kurudi, ya Mozart inapanda mara mbili. Huo ndio umuhimu wa kuandika. Masikioni vipande hivi viwili vina hali moja, wala si ajabu mtu akavichanganya, lakini kwenye karatasi havigombaniwi.

Kilichobaki kilikuwa Sonatina ya Muzio Clementi katika C, Op. 36 Na. 1, sehemu ya kwanza. Clementi alizaliwa Roma mwaka 1752, akaishi na kufanya kazi Uingereza hadi alipofariki mwaka 1832. Sonatina sita za Op. 36 zilitoka mwaka 1797, na tangu hapo zimekuwa mikononi mwa wanafunzi. Mwanzo ulilingana herufi kwa herufi.

Hata hivyo mwanzo kulingana hakutoshi. Mtu anaweza kuwa amekumbuka mwanzo wa kipande kimoja na kuushonea na kipande kingine alichojifunza mwaka huohuo. Thibitisha kwa mahali pengine, mbali na mwanzo, na uulize bila kudokeza jibu. Nilimwuliza: "Ukimaliza sehemu ya kwanza na kuirudia, inayofuata inaanzaje?"

Akafikiri kidogo. "Inaanza vilevile, mwalimu. Lakini kama imepatwa na msiba."

Hapo ndipo nilipokuwa na uhakika. Katika sonatina hii baa kumi na tano za mwanzo zinarudiwa, na baa ya 16 inaleta wimbo uleule, lakini mi imeshushwa nusu: badala ya C E C G G inakuwa C E flati C G G. Kii ya C imegeuka kuwa ya huzuni. Kisha katika baa ya 24 wimbo wa mwanzo unarudi na furaha yake, safari hii ukiwa oktavu moja chini. Alipousikia huo mrejeo aliinua mkono wa kulia na kuupeleka kushoto kwa kinanda kabla sijamwambia kitu. Sehemu nzima ina baa 38, yaani kurasa moja hadi mbili, na hilo nalo lililingana na alivyokumbuka: "Kulikuwa na kugeuza ukurasa mara moja."

Kwa kipande chochote utakachokipata, tafuta maswali ya namna hii mawili: moja kuhusu katikati, moja kuhusu mwisho. Katikati kulibadilika nini? Kilimalizika kwa sauti kubwa au ndogo, kwa nota moja au kwa nota nyingi pamoja? Majibu mawili yakilingana, kazi imekwisha.

Kuna tahadhari moja ambayo ni ya Clementi hasa. Yeye mwenyewe alizirekebisha sonatina hizi miaka mingi baadaye, na katika toleo hilo la baadaye baadhi ya mafungu aliyapandisha oktavu. Kwa hiyo ukimfungulia mtu rekodi akasema "ni hiki, lakini hapa mkono haukwenda juu hivi", usikitupe kipande. Inawezekana kabisa alijifunza toleo la kwanza. Hata neno la juu ya ukurasa linatofautiana: matoleo mengine yameandika Allegro, mengine Spiritoso.

Tano, sasa tafuta kitabu

Rangi ya jalada weka kando. Rangi peke yake haikuambii mwaka wa kitabu, wala kama kipande kimo ndani yake. Kinachokusaidia ni kujua vitabu hivi vinavyopangwa.

Kitabu cha ABRSM cha piano kwa miaka mingi kimekuwa kikitumika kwa miaka miwili miwili, na jozi ya miaka imeandikwa jaladani: 2007 na 2008, 2009 na 2010, 2011 na 2012, na kuendelea. Silabasi ina orodha tatu, A, B na C, na mtahiniwa huchagua kipande kimoja kutoka kila orodha. Kitabu cha gredi kilikuwa na vipande tisa: vitatu vya A, vitatu vya B, vitatu vya C, na namba yake, kwa mfano A:2, imechapwa kando ya kichwa cha kipande.

Sasa hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawakuambiwa. Katika silabasi nyingi za kabla ya 2021, kila orodha ya gredi za chini ilikuwa na vipande sita, si vitatu. Namba 1 hadi 3 zilikuwa ndani ya kitabu cha gredi. Namba 4 hadi 6 zilikuwa kwenye vitabu vingine vilivyotajwa ndani ya silabasi, na mwalimu aliruhusiwa kuzichagua kama anacho kitabu chake. Kuanzia silabasi ya 2021 orodha zimerefushwa zaidi, lakini kanuni ni ileile: si kila kipande kilichopigwa kwenye mtihani kimo kwenye kitabu cha mtihani.

Kwa sababu hiyo karatasi ya thamani kuliko zote ni fomu ya alama, ile iliyokuja na cheti. Cheti chenyewe kinataja gredi na kiwango cha kufaulu. Fomu ya alama ndiyo yenye maoni ya mtahini kwa kila kipande, kila kimoja kikiwa na alama zake kati ya 30, na jumla kati ya 150, ambapo 100 ni kufaulu. Juu ya maoni hayo kuna herufi ya orodha na namba ya kipande. Tarehe ya mtihani inakupa jozi ya miaka, herufi na namba vinakupa nafasi. Ukiwa na vitu hivyo vitatu, yaani gredi, mwaka na namba, huhitaji hata kukumbuka wimbo. Unatafuta silabasi ya miaka hiyo, unasoma mstari mmoja.

Mama wa dada huyu anaishi Marangu, na ni mmoja wa wale wazazi wasiotupa karatasi ya shule. Fomu ilipatikana ndani ya sanduku la vyeti, imekunjwa pamoja na kadi ya kliniki. Kwenye orodha ya A palikuwa na namba 5.

Namba hiyo ilieleza kila kitu. Sonatina haikuwa kwenye kitabu chekundu hata kidogo. Mwalimu wake wa zamani aliichagua kutoka kitabu cha sonatina, pengine kwa sababu kilikuwa tayari kwenye rafu yake, na kitabu chekundu kilikuwa na vile vipande vyake vingine viwili, vya B na C. Kumbukumbu ya rangi haikuwa ya uongo, ila ilikuwa imeshikamanishwa na kipande kisicho chake. Kama tungeanza kutafuta vitabu vyekundu vya gredi, tungevipekua vyote na kukata tamaa.

Ikiwa fomu haipo, lakini kuna ukurasa wa fotokopi (na kwa huku kwetu fotokopi za steshenari ni nyingi kuliko vitabu), usome ukurasa huo kuanzia chini kwenda juu. Chini kabisa ya ukurasa wa kwanza wa kipande huwa kuna mstari mdogo wa haki miliki wenye mwaka. Kwenye kipande cha mtunzi wa zamani kilichohaririwa kwa ajili ya kitabu hicho, mwaka huo hutangulia jozi ya miaka ya jaladani, kwa sababu kitabu hutoka kabla hakijaanza kutumika. Ukiona 2010, anza na kitabu cha 2011 na 2012. Kwenye kipande cha mtunzi wa kisasa mwaka huo unaweza kuwa ni wa kipande chenyewe na si wa kitabu, kwa hiyo usiutumie hivyo. Herufi AB zikifuatiwa na namba ni alama ya uchapishaji ya ABRSM, inayokuambia angalau si Trinity. Na kama fotokopi imekata pembeni ikaacha kipande cha "A:" au "B:" kando ya kichwa, umepata nusu ya jibu.

Vitabu vya Trinity vina mpangilio mwingine na vingi vimetumika kwa miaka mitatu, kwa mfano 2012 hadi 2014 na 2015 hadi 2017. Njia ni ileile: tarehe kwanza, kisha silabasi.

Ikiwa hakuna fomu wala fotokopi, tumia umri. Mwulize alikuwa darasa la ngapi, na alijifunza kipande hicho kabla au baada ya jambo fulani la kifamilia analolijua mwaka wake. Kawaida unabakiwa na jozi mbili za miaka. Kumbuka tu kwamba mtoto huanza kujifunza kipande miezi mingi kabla ya mtihani, na kwamba kitabu cha dada mkubwa hurithiwa na mdogo wake bila mtihani wowote, kwa hiyo panua jozi moja nyuma.

Kipande cha kisasa kinafuata njia ya kinyume

Yote ya hatua ya tatu yanafaa kwa watunzi wa zamani. Orodha ya C kwa kawaida imejaa vipande vya karne ya 20 na vya watunzi walio hai, vingine vikiwa na mdundo wa jazi. Hivi havimo kwenye kamusi ya 1948, na kwenye hazina za nyimbo za zamani utavikosa. Utakijua kipande cha aina hii kwa dalili zake: pigo linaloyumba, nota nyeusi zinazoingia mahali pasipotarajiwa, mwisho unaoishia kwenye nota nyingi zisizotulia, na jina linalosimulia kitu, kama treni, paka au mvua, badala ya neno la mwendo. Mwenye kumbukumbu mara nyingi hukumbuka picha iliyokuwa kwenye jina hata kama jina lenyewe limetoka.

Hapo anza na kitabu, si na nota. Ukishapata gredi na jozi za miaka zinazowezekana, unabaki na vipande vitatu tu vya C kwa kila kitabu. Walimu wengi duniani hurekodi vipande vyote vya kila silabasi na kuviweka YouTube kwa gredi, mwaka na namba, kwa hiyo andika hivyohivyo:

```
ABRSM Grade 3 Piano 2011-2012 C2
```

Badilisha namba hadi umalize C1, C2 na C3, kisha nenda jozi inayofuata. Sikiliza sekunde kumi za mwanzo tu, na linganisha na rekodi ya simu uliyoifanya mwanzoni, si na ulichonacho kichwani kwa sasa.

Kupata nota zenyewe

Kwa mtunzi aliyefariki zamani kama Clementi, nota zipo bure kwenye tovuti ya IMSLP. Tafuta kwa jina la mtunzi na namba ya opus, usitafute kwa neno Allegro. Utakuta matoleo kadhaa ya sonatina hiyohiyo. Kwa mtoto anayeanza, usichapishe lile lililo juu ya orodha bila kuliangalia. Mengi ni ya karne ya 19, na wahariri wa wakati ule waliongeza mistari ya kuunganisha nota na alama za nguvu ambazo Clementi hakuziandika. Namba za vidole nazo ni za mhariri, na mhariri mwingine huweka nyingine. Fungua baa ya pili katika kila toleo uone kidole kinachopanda so ya juu. Katika mkono mdogo wa mtoto, mruko huo kutoka do ni wa nota tano, na toleo linaloweka kidole cha 5 juu ya so, mkono ukiwa umeshapangwa kwa ajili ya ngazi inayoteremka, ndilo la kuchukua.

Kwa kipande cha kisasa, kwa kawaida hakuna nota za bure za halali. Kitabu cha gredi cha miaka ya nyuma hakichapwi tena, lakini kipo: uliza walimu wa piano wa Moshi na Arusha, shule za kimataifa zenye idara ya muziki, na watu wa muziki pale chuoni Makumira, Usa River. Unapouliza, usiseme "kitabu chekundu cha piano". Sema gredi, jozi ya miaka na namba ya kipande, na mwenye kitabu ataweza kukutafutia ukurasa.

Dada yule alichapisha sonatina yake kutoka IMSLP, toleo la oktavu za chini, lile alilolijua. Bintiye yuko baa ya nane, anajifunza mkono wa kulia peke yake kwanza.